Daraja au fakta? Njia mbili za kukisia robo mwaka kabla takwimu rasmi hazijatoka

Kila katikati ya Julai mzee anayeongoza kitengo chetu hapa Mwanza huja na swali lilelile: "Robo ya pili imekwendaje?" Tunawashauri watu wanaokopesha na kukopa, kwa hiyo anataka namba, hataki hadithi. Shida ni kwamba Pato la Taifa la Aprili hadi Juni wakati huo bado liko jikoni, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na litapakuliwa wiki nyingi baadaye. Tulicho nacho mezani ni vipande vya kila mwezi: saruji iliyozalishwa, umeme uliofuliwa, mafuta yaliyoingia, mikopo kwa sekta binafsi, watalii, mauzo nje. Vingine vimeshafika hadi Juni, vingine vimeishia Mei, kimoja au viwili bado viko Aprili.

Ofisini kuna njia mbili za kugeuza vipande hivyo kuwa jibu. Dada mmoja aliyesomea takwimu anatumia milinganyo ya daraja kwenye lahajedwali. Mimi ninatumia modeli ya kigezo fiche chenye mwendo, ambayo kwa uvivu tunaiita fakta. Tumebishana vya kutosha, na kwa kuwa wengi wanaoanza kazi hii huuliza washike ipi, nitaziweka zote mbili juu ya data moja uone zinapoachana.

Zinafanya nini

Sisi wa huku, tangu Juni 2025, ukisema daraja tunajua ni la Kigongo–Busisi, kama kilomita tatu za zege juu ya maji tuliyokuwa tukiyavuka kwa kivuko. Mlinganyo wa daraja nao ni wa kuvusha: unatoka upande wa miezi kwenda upande wa robo mwaka. Unachukua kiashiria kimoja au viwili, unatafuta wastani wa miezi mitatu, kisha unaupima dhidi ya ukuaji wa Pato la Taifa wa robo zilizopita. Ukipata mlinganyo, unaweka wastani wa robo hii, namba inatoka. Mtu yeyote anayejua regresheni ya kawaida anaweza kuukagua kwa jioni moja.

Fakta inaanzia kwingine. Inasema hivi: saruji, umeme, mafuta na mikopo havipandi na kushuka kila kimoja kwa hiari yake. Chini yake kuna kitu kimoja kisichoonekana, hali ya uchumi ya mwezi huo, kinachovisukuma vyote, kila kimoja kwa kiasi chake. Kinachobaki baada ya msukumo huo ni mambo ya kiashiria chenyewe: mtambo wa saruji uliozimwa kwa matengenezo, au meli ya mafuta iliyochelewa bandarini. Kwa maandishi ya hesabu:

```
x[i,t] = λ[i]·f[t] + e[i,t]
f[t]   = a·f[t-1] + u[t]
```

`x` ni kiashiria `i` cha mwezi `t`, `f` ndicho kigezo fiche, `λ` ni nguvu ambayo kigezo hicho kinakisukumia kiashiria, na `e` ni mambo ya kiashiria chenyewe. Mstari wa pili ndio unaoleta neno "mwendo": hali ya mwezi huu imetokana kwa sehemu, yaani `a`, na ya mwezi uliopita, na `u` ni jipya la mwezi huu. Pato la Taifa nalo linaingizwa humohumo kama kiashiria kingine, ila hiki huonekana mara moja tu kila miezi mitatu.

Pengo la Juni

Hapa ndipo ubishi wetu wote ulipo. Hebu tuchukue hali ya tarehe 15 Julai. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ionekane.

| Kiashiria | Aprili | Mei | Juni |
|---|---|---|---|
| Saruji | ipo | ipo | ipo |
| Umeme | ipo | ipo | haipo |
| Mikopo | ipo | ipo | haipo |
| Mauzo nje | ipo | haipo | haipo |

Dada wa daraja ana mlinganyo wa umeme: ukuaji wa Pato la Taifa kwa mwaka ni 3.1 jumlisha 0.35 mara ukuaji wa umeme. Aprili umeme umekua asilimia 8, Mei asilimia 6. Juni haipo, na bila Juni hakuna wastani wa robo. Anachofanya ni kuukadiria umeme wa Juni kutokana na historia ya umeme wenyewe, anapata 7. Wastani unakuwa 7, na jibu ni 3.1 + 0.35 × 7, yaani takriban asilimia 5.6.

Sasa angalia mstari wa saruji kwenye jedwali. Saruji ya Juni imeshatoka, na tuseme imeanguka vibaya. Mlinganyo wa umeme haujui habari hizo. Umejaza pengo lake kwa kujitazama wenyewe kwenye kioo. Dada anao mlinganyo mwingine wa saruji, nao utatoa jibu la chini, kisha atatafuta wastani wa majibu mawili. Lakini ile 7 ya umeme wa Juni inabaki palepale. Umeme ukija kutoka ukiwa 3, jibu la mlinganyo huo linashuka hadi 5.1 kwa siku moja, na mzee anauliza kumetokea nini, wakati dalili ilikuwepo wiki mbili nyuma kwenye saruji.

Fakta hujaza pengo hilo kwa kumuuliza jirani. Chombo chake ni kichujio cha Kalman, kilichopewa jina la Rudolf Kalman aliyekichapisha mwaka 1960. Kabla ya saruji ya Juni kutoka, kichujio kinakisia kuwa `f` ya Juni ni 0.2, na wasiwasi wake juu ya kisio hicho, kwa kipimo cha mtawanyo, ni 0.5. Vipimo vyote hapa vimesawazishwa, sifuri ikiwa ndiyo mwezi wa kawaida. Saruji ina `λ` ya 0.8, kwa hiyo kilichotarajiwa ni 0.16. Imetoka −1.0. Mshangao ni −1.16.

Mshangao huo hauchukuliwi wote. Kichujio kinagawanya: kiasi gani ni habari za uchumi, kiasi gani ni mambo ya saruji yenyewe. Ikiwa mtawanyo wa mambo yake yenyewe ni 0.36, mgao unatoka hivi:

```
K = (0.5 × 0.8) / (0.8² × 0.5 + 0.36) = 0.40 / 0.68 ≈ 0.59
f = 0.2 + 0.59 × (−1.16) ≈ −0.48
```

Hali ya Juni imeshuka kutoka 0.2 hadi −0.48, na pengo la umeme linajazwa upya papo hapo. Kama `λ` ya umeme ni 0.7, umeme wa Juni unaotarajiwa hauko tena juu kidogo ya kawaida, uko −0.34. Hakuna aliyegusa umeme, saruji ndiyo iliyosema kwa niaba yake. Pengo la mikopo nalo linajazwa vivyo hivyo, na hata la mauzo nje la Mei linasogea kidogo, maana Juni mbaya inatia shaka juu ya Mei.

Ikiwa viashiria vyako vyote hutoka siku moja, bila mapengo ya namna hii, faida hii yote haipo. Chukua daraja, ulale mapema.

Miezi haina uzito sawa

Jambo la pili linawapita wengi, mimi nikiwemo mwaka mzima wa kwanza. Ukuaji wa robo ya pili juu ya robo ya kwanza hautokani na Aprili, Mei na Juni peke yake. Mariano na Murasawa, mwaka 2003, waliuandika uhusiano huo kwa namna ambayo modeli nyingi za fakta zinaitumia hadi leo. Ukiwa na ukuaji wa mwezi juu ya mwezi, ukuaji wa robo ni takriban:

```
Robo 2 = 1/3·Feb + 2/3·Mac + Apr + 2/3·Mei + 1/3·Jun
```

Sababu yake si ngumu. Robo ni wastani wa viwango vya miezi mitatu. Uchumi ukiruka Aprili, unabaki juu Aprili, Mei na Juni, miezi yote mitatu inafaidi. Ukiruka Juni, unafaidi mwezi mmoja tu. Ukiruka Machi, robo ya kwanza iliufaidi mwezi mmoja, ya pili inaufaidi mitatu, kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti inaangukia robo ya pili.

Jumla ya vizito hivyo ni 3. Februari, Machi na Aprili vina 2 kati ya hizo 3. Maana yake, mwisho wa Aprili, wakati watu wanasema robo ndiyo kwanza imeanza, theluthi mbili za uzito zimeshapita. Tuseme Februari ilikua asilimia 0.6, Machi 0.3, Aprili 0.9, na Mei na Juni tumezijazia 0.4 kila moja. Tunapata 0.2 + 0.2 + 0.9 + 0.27 + 0.13, yaani 1.7. Mei ikija mbaya, −0.2 badala ya 0.4, jibu linashuka hadi 1.3. Juni ikija mbaya vilevile, linashuka kwa 0.2 tu. Mzee wetu huhangaika sana na habari za Juni. Nimemwambia mara kadhaa, "Mzee, Juni imebeba moja ya tisa," naye huitikia kwa kichwa na kuuliza Juni imekwendaje.

Hapa daraja la kawaida linapoteza kitu. Likitumia wastani sawa wa ukuaji wa miezi mitatu ya robo, linaipa Juni uzito wa Aprili na kuzisahau kabisa Februari na Machi. Linaweza kurekebishwa: tafuta kwanza wastani wa viwango vya robo, kisha ndipo upate ukuaji. Lahajedwali nyingi nilizoziona zimefanya kinyume.

Lakini kuna mtego upande wa fakta pia, tena ndio unaowanasa wa kwetu kuliko wengine. Vizito hivyo ni vya ukuaji wa robo juu ya robo iliyotangulia, data ikiwa imeondolewa athari za msimu. Namba inayosomwa kwenye taarifa ya habari hapa Tanzania ni ukuaji wa robo ukilinganisha na robo kama hiyo mwaka uliopita. Kwa namba ya aina hiyo, uhusiano ni mwingine: ukuaji wa robo ni takriban wastani wa kawaida wa ukuaji wa miezi yake mitatu, theluthi, theluthi, theluthi. Ukiilisha programu ukuaji wa mwaka juu ya mwaka huku yenyewe inatumia vizito vya hapo juu, haitalalamika. Itakupa jibu laini, zuri, lililochanganya robo mbili. Dalili yake ni kwamba namba yako inafuata robo iliyopita kwa nyuma, kila ikigeuka unachelewa kugeuka nayo.

Kwa hiyo mtu aliye na ukuaji wa mwaka juu ya mwaka tu, na hana viwango vya kuondolea msimu mwenyewe, daraja linamfaa zaidi kuliko fakta iliyovaa vizito visivyo vyake.

Dagaa na mbalamwezi

Mwaka juzi nilikuja na wazo la kujivunia. Kwenye soko la Mwaloni pale Kirumba dagaa wakavu wanashushwa kila siku, wanapimwa, wanapakiwa kwenda Kongo na kwingine. Nikasema hiki ni kiashiria cha haraka, kiko hatua chache kutoka ofisini, hakisubiri tovuti ya mtu. Kijana mmoja mpakiaji alinisikiliza, akacheka. "Kaka, wewe unahesabu mwezi gani, wa ukutani au wa juu?"

Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, taa haivuti kitu, mitumbwi inalala. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, wa kalenda una 30 au 31, kwa hiyo kila mwaka giza linasogea kama siku 11 kwenye kalenda. Julai ya mwaka mmoja inakuwa na giza mwanzoni na mwishoni, Julai ya mwaka mwingine inapigwa na mbalamwezi ncha zote mbili. Kuondoa athari za msimu kwa kulinganisha Julai na Julai hakusaidii, maana msimu huu haukai Julai. Ramadhani inatusumbua hivyohivyo kwenye viashiria vya biashara.

Niliwaacha dagaa ndani ili nione kila njia itawafanyia nini. Fakta iliwapa `λ` ndogo. Ichukulie kuwa 0.2, na mambo yao wenyewe 0.96. Kwa mshangao uleule wa −1.16, mgao unakuwa 0.1 gawanya kwa 0.98, takriban 0.10, na `f` inasogea kwa 0.12 tu. Saruji iliisogeza kwa 0.68. Kiashiria chenye kelele kinaruhusiwa kukaa mezani, ila hakisikilizwi sana.

Daraja halikuwa na bahati hiyo. Miaka kumi ina robo 40. Kati ya robo 40, kitu chochote kinachopanda na kushuka kinaweza kwa nasibu tu kuonekana kinakwenda na Pato la Taifa, na dagaa walipata uzito mkubwa usio na sababu kwenye mlinganyo. Fakta inapima `λ` kwa miezi 120, tena dhidi ya viashiria vingine vyote kwa pamoja, si rahisi kudanganyika namna hiyo. Ukiwa na viashiria viwili vitatu unavyovielewa, tofauti hii ni ndogo. Ukiwa na kumi, daraja moja lenye vyote kumi ni kujitafutia maradhi.

Pale fakta inapodanganya

Nisije nikaonekana ninauza bidhaa. Fakta ina kasoro moja ya asili: kigezo fiche ni kile ambacho *viashiria* vinashirikiana, hakilazimiki kuwa uchumi. Ukiweka mikopo, amana, ujazi wa fedha, fedha taslimu mikononi na riba, halafu ukaongeza saruji na umeme, fakta itakutolea hali ya benki na kuiita hali ya nchi. Kura zimepigwa tano kwa mbili. Mimi nililigundua hilo nilipoona saruji na umeme vina `λ` karibu na sifuri. Nilipunguza za fedha nikabakiza moja, vikaamka. Daraja halina ugonjwa huu kwa sababu linalenga Pato la Taifa moja kwa moja.

Dhahabu nayo ilinichapa. Kanda ya Ziwa ndiyo nyumba ya dhahabu, nikaingiza thamani ya mauzo ya dhahabu nje kwa dola. Bei ya dunia ilipopaa, thamani ikapaa, modeli ikashangilia, wakati Pato la Taifa halisi linahesabu kilo zilizochimbwa, halihesabu bei. Gawanya thamani kwa bei ya soko la dunia kwanza, ndipo uingize.

Halafu kuna kisichoonekana kabisa. Kilimo ni takriban robo ya Pato la Taifa, na hakuna kiashiria cha kila mwezi cha mahindi au pamba kilichoko shambani. Saruji na umeme haviwezi kukuambia kuwa mvua zilikatika Misungwi. Hapa nalisifia daraja: unaweza kuugawa uchumi, ukaweka mlinganyo mmoja wa viwanda na ujenzi, mwingine wa huduma, na kilimo ukakikadiria kivyake kwa mvua na mavuno ya mwaka uliopita. Fakta ya kigezo kimoja hulazimisha kilimo kifuate mkondo wa mjini.

Mwaka 2020 pia lazima utajwe. Ndege za abiria za kimataifa ziliposimama Aprili ile, watalii walikaribia sifuri, ilhali Pato la Taifa la mwaka mzima liliendelea kukua. Mwezi mmoja kama huo, uliolala mbali kabisa na miezi mingine, unaharibu `λ` za miaka yote. Si sisi tu: tawi la Nyu Yoki la Benki Kuu ya Marekani lilisimamisha makadirio yake ya namna hii Septemba 2021, likarudi nayo 2023 baada ya kuifanyia matengenezo. Kwenye fakta dawa nyepesi ni kuifuta miezi hiyo ya watalii na kuiacha kama pengo, maana mapengo ndiyo chakula chake. Kwenye daraja unahitaji kigezo cha ndiyo na hapana kwa robo hizo, nacho kinakula data chache ulizo nazo.

Kumjibu mzee

Kuna kazi moja ambayo siwezi kuifanya kwa daraja nikaridhika. Ijumaa namba ilikuwa 5.6, Ijumaa iliyofuata 5.2. Kwa nini? Fakta inaweza kuigawa tofauti hiyo ya 0.4 kwa kila kiashiria kilichotoka wiki hiyo: mshangao wa kila kimoja mara uzito wake. Kiashiria kilichotoka kama kilivyotarajiwa hakisogezi kitu, hata kikiwa kibaya, kwa sababu ubaya wake ulishahesabiwa. Kwenye Python programu ya statsmodels inayo tayari:

```python
import statsmodels.api as sm
mod = sm.tsa.DynamicFactorMQ(mwezi, endog_quarterly=robo,
          factors=1, factor_orders=1, idiosyncratic_ar1=True)
res = mod.fit()
mpya = res.apply(mwezi2, endog_quarterly=robo2)
habari = res.news(mpya, impact_date="2025-06",
          impacted_variable="pato", comparison_type="updated")
print(habari.summary())
```

`mwezi` na `robo` ni majedwali yenye faharasa ya tarehe za mwezi na za robo, mapengo yakiachwa wazi, na safu ya Pato la Taifa ndani ya `robo` ikiitwa `pato`. `mwezi2` na `robo2` ni majedwali yaleyale baada ya data mpya za wiki kuingia. Tumia `apply`, usikadirie `λ` na namba nyingine za modeli upya kila wiki. Ukizikadiria upya, sehemu ya 0.4 itatokana na wewe kubadilisha mizani, na hutajua ni sehemu gani. Mimi huzikadiria mara moja kwa mwaka.

Ili kuchagua kwa haki, zijaribu zote mbili kwa robo zilizopita, lakini kwa data ilivyokuwa siku hiyo. Kata jedwali lako mahali lilipokuwa limeishia tarehe 15 Julai ya mwaka huo, mapengo yaleyale, kisha linganisha makosa. Weka na mshindani wa tatu: wastani wa ukuaji wa robo nne zilizopita. Usimdharau. Ukuaji wetu wa mwaka umekuwa ukicheza karibu na asilimia 5 miaka ya karibuni, kwa hiyo anayesema "kama kawaida" hukosea kidogo sana. Mara ya kwanza nilipojaribu, fakta ilimshinda kwa kuanzia mwezi wa pili wa robo tu. Mwezi wa kwanza alitushinda wote wawili.

Kwa hiyo uchaguzi wangu ni huu. Una viashiria viwili au vitatu, historia fupi, na unatoa namba mara moja kwa robo: shika daraja, tena ligawe kisekta. Una viashiria sita hadi kumi na mbili vya aina tofauti, miaka kumi ya miezi, vinatoka siku tofauti, na kuna mtu atakayekuuliza kila Ijumaa kwa nini: shika fakta, kigezo kimoja, usiongeze cha pili mpaka cha kwanza kikushinde.

Ofisini kwetu hatukuacha hata moja. Zinaandikwa pembeni kwa pembeni kwenye karatasi moja, na zikipishana kwa zaidi ya nusu asilimia hatupeleki chochote kwa mzee kabla ya kufungua data. Mara ya mwisho zilipishana kwa 1.3. Dada alidhani modeli yangu imepata kichaa, mimi nilidhani lahajedwali lake lina safu iliyohama. Tulikaa hadi saa moja usiku tukalikuta: aliyetutumia mafuta ya Mei alikuwa ameandika lita, na miezi yote ya nyuma ilikuwa maelfu ya lita.